Dar kutoka asilimia 5.6 hadi 2.1 kwa mwaka: watu wamekwenda wapi?

#1 Mwana_Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Tangu mchana niko na majedwali ya sensa kwa sababu ya ubishi wa kijiweni. Nilitaka kuumaliza, nimejiongezea mwingine.

Dar es Salaam mwaka 2002 ilikuwa na watu 2,487,288. Mwaka 2012 wakawa 4,364,541. Mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Ukipiga kasi ya kila mwaka, miaka kumi ya kwanza ni asilimia 5.6, ya pili ni 2.1. Wakati huohuo nchi nzima ilitoka watu 44,928,923 mwaka 2012 hadi 61,741,120 mwaka 2022, ambayo ni 3.2 kwa mwaka.

Yaani Dar, mji ambao kila kijana akimaliza shule anafunga begi kuja, unakua polepole kuliko nchi yenyewe. Mimi napanda gari la Mbagala kila asubuhi na sijaona hata siku moja nafasi ya kuweka mguu wa pili. Je, watu wameacha kuja? Wanaondoka? Au hesabu ndiyo yenye shida?

#2 Sharubu

Mguu wa pili unauweka juu ya mguu wangu, nakufahamu wewe.

#3 DodomaHoyee

Jibu liko wazi, sijui mnahangaika nini. Julai 2016 Hayati Magufuli alitangaza serikali inahamia Dodoma. Wizara zikahama, watumishi wakahama na familia, na mama ntilie aliyekuwa akiwapikia naye akahama. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, mwaka 2022 wakawa 765,179. Hao ndio waliopungua Dar. Mada ifungwe.

#4 Mtata

Hiyo 2.1 ni chai. Mtaani kwetu nyumba moja ina wapangaji kumi na wawili, wengine wanatoka saa kumi alfajiri na kurudi saa tano usiku. Karani atawakuta saa ngapi? Dar ina watu milioni saba, hata Umoja wa Mataifa walisema.

#5 Karani_Mstaafu

Nilisimamia makarani sensa mbili, ya 2002 na ya 2012, kwa hiyo niruhusuni kidogo.

Kwanza hesabu ya kijana hapo juu ni sahihi. Anayetaka kuirudia mwenyewe aandike hivi kwenye Excel:

```
=LN(5383728/4364541)/10
```

Utapata 0.02099, ndiyo hiyo 2.1. Kile 10 cha mwisho ni miaka iliyopita kati ya sensa mbili. Sensa ya 2012 ilikuwa usiku wa kuamkia Agosti 26 na ya 2022 usiku wa kuamkia Agosti 23, kwa hiyo siku tatu zilizopungua hazibadilishi kitu.

Pili, Mtata. Ile milioni saba na ushee ya Umoja wa Mataifa ni makadirio yaliyotoka 2018, miaka minne kabla ya sensa. Walichukua mwendo wa Dar ya zamani wakausogeza mbele. Ukikadiria kwamba mtoto atarefuka kama alivyorefuka mwaka jana, siku utakapompima ukute hajafika, usiilaumu rula.

Tatu, Dodoma. Mkoa wote wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012 na 3,085,625 mwaka 2022. Kama ungekua kwa kasi ya taifa tu, ungefika kama milioni 2.86. Ziada ni laki mbili na ishirini hivi. Sasa fanya hivyohivyo kwa Dar: kwa kasi ya taifa ingefika milioni 5.998. Pengo ni laki sita na kumi na nne. Hata kama kila mtu wa ziada Dodoma alitoka Dar, na haiwezekani, bado unadaiwa karibu laki nne.

Swali langu kwa aliyeanzisha uzi: umelitazama jedwali la jirani?

#6 Mwana_Mbagala

Shikamoo mzee. Jirani yupi?

#7 Karani_Mstaafu

Marahaba. Pwani.

#8 Mwana_Mbagala

Nimerudi. Sikuamini, nikapiga mara mbili.

Pwani 2012: 1,098,668. Pwani 2022: 2,024,947. Kasi ni 6.1 kwa mwaka! Nimefanya kama mzee alivyoonyesha. Kwa kasi ya taifa Pwani ingefika kama milioni 1.51, kwa hiyo ina ziada ya laki tano na kumi na tano. Dar ina pengo la laki sita na kumi na nne.

Halafu nikajumlisha mikoa yote miwili kana kwamba ni mmoja. 2012 ni 5,463,209, na 2022 ni 7,408,675. Kasi yake ni 3.05, karibu sawa na taifa. Yaani Dar haijapunguza mwendo, imevuka mpaka tu!

#9 Mtata

7,408,675. Nilisema milioni saba mkabisha.

#10 Sharubu

Mtata, hata saa iliyosimama huwa sahihi mara mbili kwa siku.

#11 BintiVikindu

Mimi ni mmoja wa hiyo laki tano. Nilikuwa Temeke, Tandika, chumba kimoja na watoto wawili. Mwaka 2017 tukapata kiwanja Vikindu, tukapandisha vyumba viwili bila lipu, tukahamia hivyohivyo na madirisha ya mabati. Wakati ule ukitoka barabara ya lami ni mikorosho tu, jirani wa karibu unamwita kwa kupiga kelele. Leo kuna saluni tatu kabla hujafika kwangu.

Ila kazi ni Kariakoo palepale. Natoka saa kumi na moja, narudi saa mbili usiku. Ukiniuliza naishi wapi nasema Dar. Mama mkwe ndiye anayesema "nyie wa Mkuranga".

#12 Karani_Mstaafu

Na hapo ndipo penyewe, dada. Swali la karani si "unaishi wapi". Ni nani aliyelala katika kaya hii usiku wa kuamkia siku ya sensa. Wewe ulilala Vikindu, kwa hiyo ni mtu wa Mkuranga, mkoa wa Pwani. Mchana uko Kariakoo unasukumana na kina Mwana_Mbagala, lakini sensa haihesabu mchana. Ndiyo maana gari limejaa na jedwali halijajaa, na vyote viwili vinasema kweli.

Halmashauri ya Mkuranga ilikuwa na watu 222,921 mwaka 2012. Mwaka 2022 ikawa na 533,033. Karibu asilimia 8.7 kwa mwaka. Katika ile ziada ya Pwani, Mkuranga peke yake ina laki mbili na elfu ishirini na sita hivi, karibu nusu. Mwandege, Vikindu, Kisemvule, ukiteremka kutoka Kongowe utaona mwenyewe.

#13 Mjasiria

Wakuu kwa hiyo ni wakati mzuri wa kununua Mkuranga au nimechelewa? Nina milioni tatu na nusu.

#14 Sharubu

Umechelewa miaka kumi, sensa imekuambia.

#15 Mpenda_Ramani

Nimeingia kwenye jedwali la wilaya na nadharia yenu ina tundu. Bagamoyo mwaka 2012 ilikuwa na watu 311,740. Mwaka 2022 ina 205,478. IMEPUNGUA laki moja! Na Bagamoyo ndiyo inayopakana na Bunju. Kama Dar inafurika mbona upande wa kaskazini watu wanakimbia? Au ni ile bandari iliyokwama?

Kinondoni nayo vilevile, kutoka 1,775,049 hadi 982,328. Huko Kinondoni ni vita au?

#16 Karani_Mstaafu

Hahaha. Mwanangu, umeingia kwenye shimo ambalo wameingia wengi wenye tai shingoni.

Kabla hujalinganisha wilaya ya sensa hii na wilaya ya sensa ile, uliza kwanza kama ni ardhi ileile. Kati ya 2012 na 2022 Bagamoyo ilitolewa halmashauri ya Chalinze. Chalinze mwaka 2022 ina watu 316,759. Wajumlishe na 205,478 unapata 522,237, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na 311,740. Imekua zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Kinondoni ilitolewa Ubungo yenye watu 1,086,912. Zirudishe pamoja unapata 2,069,240. Temeke ilitolewa Kigamboni, Rufiji ikatolewa Kibiti.

Dalili ya kosa hili ni rahisi: ukiona wilaya imepungua ghafla kwa theluthi au nusu na hakuna njaa wala vita, tafuta jina jipya kwenye jedwali ambalo halikuwepo zamani. Ukishaunganisha, jumlisha wilaya zote uone kama zinafika jumla ya mkoa. Zikifika hujapoteza mtu.

#17 Mpenda_Ramani

Nimekubali, nimeaibika. Lakini aibu yangu imezaa kitu. Nimeunganisha Dar kwa mipaka ya zamani ya 2012 nikapata hivi:

Kinondoni na Ubungo pamoja, 1.5 kwa mwaka.
Temeke na Kigamboni pamoja, 2.0.
Ilala, kutoka 1,220,611 hadi 1,649,912, ni 3.0.

Kwa nini Ilala, ambayo ndiyo yenye Kariakoo na Posta, inakua mara mbili ya Kinondoni?

#18 Mwana_Mbagala

Kwa sababu Ilala si Posta peke yake, inakwenda mpaka Chanika na Msongola. Huko bado kuna viwanja. Kinondoni na Ubungo zimeshajaa mpaka mpakani, anayetafuta kiwanja anavuka kwenda Kibaha au Mapinga. Kwa hiyo ni suala la wapi ardhi imebaki, mstari wa mkoa umepita tu hapo katikati.

#19 DodomaHoyee

Mmenisahau. Sijakubali.

#20 Kasarani254

Jameni, salamu kutoka Nairobi. Hii yenu ni kama yetu lakini si sawa. Sensa ya 2009 Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369 na ya 2019 ikawa na 4,397,073, kama asilimia 3.4 kwa mwaka. Kiambu ilitoka 1,623,282 ikafika 2,417,735, hiyo ni 4.0. Kajiado, kule Kitengela, Rongai na Ngong, ilitoka 687,312 ikafika 1,117,840, hiyo ni 4.9. Nchi yote ni kama 2.1 hivi.

Kwa hivyo kwetu majirani wamekua haraka kuliko jiji, lakini jiji lenyewe bado limeishinda nchi. Kwenu jiji limeshindwa na nchi. Kufurika pekee hakuwezi kueleza hiyo tofauti, kuna kitu kingine mnaacha nje.

#21 Sharubu

Mkenya kaja na takwimu zake na kiti chake. Karibu.

#22 Nesi_wa_Zamu

Kasarani254 kagusa penyewe. Niko wodi ya wazazi miaka mingi, kwa hiyo nilikuwa nasubiri mtu ataje uzazi. Mmeandika mabandiko ishirini kuhusu watu wanaohama na hakuna aliyemtaja mtoto anayezaliwa.

Mzee Karani, kwa heshima, ile laki sita na kumi na nne yako inadhani Dar ingezaa kama taifa. Haizai hivyo. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2022 unaonyesha mwanamke wa mjini kwa wastani anazaa watoto 3.6, wa kijijini 5.5. Wenzangu wa Dar wakishapata wawili wanakuja kuomba kijiti. Kwa hiyo hata kama hakuna aliyeingia wala aliyetoka, Dar isingefika asilimia 3.2. Sehemu ya pengo lenu ni watoto ambao hawakuzaliwa, na mnawatafuta Mkuranga!

#23 Karani_Mstaafu

Nesi, umenishika. Nilitumia kasi ya taifa kama kijiti cha kupimia kwa sababu ni rahisi, na nilipaswa kusema hivyo tangu mwanzo.

Tuiweke sawa. Ongezeko la watu mkoani lina vyanzo viwili tu: waliozaliwa ukitoa waliokufa, na waliohamia ukitoa waliohama. Sensa inakupa jumla. Ukikisia cha kwanza, kinachobaki unakiita uhamaji. Ndiyo maana kosa lote la makisio linaangukia kwenye uhamaji.

Angalia ilivyo nyepesi kuyumba. Ukisema Dar kwa uzazi wake tu ingekua kwa 2.1, basi uhamaji wa Dar kwa miaka kumi ni sifuri, walioingia wamelingana na waliotoka. Ukisema 2.6, Dar imepoteza watu kama laki mbili na sabini na tano. Ukisema 3.2, ni zile laki sita. Nusu asilimia tu inabeba watu wa wilaya nzima. Na hata hiyo sifuri si kwamba hakuna aliyesogea, inaweza kuwa milioni moja waliingia na milioni moja wakatoka.

#24 Nesi_wa_Zamu

Sawa, lakini nami nijipunguze. Dar imejaa wanawake wa miaka ishirini na kitu, umri wa kuzaa. Kila mmoja anazaa wachache, lakini wako wengi, na wazee wanaokufa ni wachache maana wengi wakizeeka wanarudi kwao. Kwa hiyo siwezi kusema ni 2.1 au 2.6. Nasema tu si 3.2.

#25 Chifu_Rufiji

Nami nina neno na nyie watu wa Dar mnaodhani Pwani yote ni sebule yenu. Mimi wa Utete. Rufiji na Kibiti pamoja zilikuwa na watu 217,274 mwaka 2012. Mwaka 2022 Rufiji ni 157,322 na Kibiti 198,222, jumla 355,544. Ni 4.9 kwa mwaka. Nani anatoka Utete kwenda kazini Kariakoo saa kumi na moja asubuhi?

Kwetu waliokuja ni wafugaji na ng'ombe wao, na waliofuata kazi za Bwawa la Nyerere. Wametoka bara, hawajatoka Dar. Mkiichukua Pwani yote mkasema ni mafuriko ya Dar, mnatufuta.

#26 Mpenda_Ramani

Chifu ana hoja. Nimeitoa Rufiji, Kibiti na Mafia kwenye ile ziada. Zinapunguza kama elfu sitini, zinabaki laki nne na nusu hivi kwenye wilaya zinazoizunguka Dar. Kwa hiyo mafuriko bado yapo, yamepungua kidogo.

Ila kuna kingine nimekiona, sijui kina maana gani. Nimetazama jinsia. Dar iliongeza wanaume 474,232 na wanawake 544,955. Pwani iliongeza wanaume 460,790 na wanawake 465,489. Yaani Pwani waliongezeka karibu sawasawa, Dar wanawake wamewaacha wanaume mbali. Taifa zima kwa kila wanawake 100 kuna wanaume kama 95. Dar mwaka 2012 walikuwa 95 pia, sasa ni 93. Pwani walikuwa 96, sasa ni 97. Wanaume wa Dar wako wapi?

#27 Sharubu

Wamejificha, wanadaiwa kodi.

#28 Chifu_Rufiji

Wako kwetu wanajenga bwawa, nimeshasema. Na viwanda vya Mkuranga na Kibaha vinaajiri nani? Kama ziada ya Pwani ingekuwa ni familia za Dar zinazotafuta kiwanja, wangekuja baba, mama na watoto, na uwiano usingeelekea kwa wanaume.

#29 BintiVikindu

Kwa mtaani kwetu naona tofauti. Wanaume ndio wanaotangulia kukaa kwenye pagale kulinda simenti na mabati, mke anabaki Dar na watoto mpaka shule ifungwe. Mume wangu alilala peke yake pale miezi mitano. Usiku wa sensa ukikuta hivyo, baba ni wa Pwani, mama ni wa Dar, na ni familia moja.

#30 Mtata

Au wanaume wa Dar hawakuhesabiwa. Narudi palepale. Kijana wa bodaboda anayelala kijiweni nani amemwandika? Mwanamke yuko nyumbani, karani akibisha anamkuta.

#31 Karani_Mstaafu

Mtata leo nakupa nusu. Kila sensa duniani vijana wa kiume ndio wanaoponyoka kirahisi. Tulikuwa na usiku maalumu wa kuwahesabu waliolala stendi, barazani na vituoni, lakini kijana anayehamahama vyumba vitatu vya rafiki zake hukosa mwenyewe, kila chumba kinasema analala kule. Ila ili hoja yako iitoe Dar kutoka 2.1 hadi 3.2 lazima wawe wamekosekana watu laki sita katika mkoa mmoja, na wasiwe wamekosekana vilevile mwaka 2012. Maana kama walikosekana kwa kiasi kilekile mara zote mbili, kasi haibadiliki. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu husahau.

Hizo namba za jinsia zina tafsiri nne hapa na zote zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Nami ningeongeza ya tano: wasichana wa kazi za nyumbani wanaoletwa Dar kutoka mikoani. Jumla ya wanawake haitakuambia ni yupi.

#32 Mwana_Mbagala

Sasa mzee, si sensa inauliza mkoa wa kuzaliwa? Tuchukue hilo jedwali tuone watu wa Pwani wangapi wamezaliwa Dar. Ubishi unaisha.

#33 Nesi_wa_Zamu

Utaisha kwako. Mimi nitakucheka. Mama wa Kisemvule akipata shida ya uzazi anapelekwa wapi? Temeke au Muhimbili. Mtoto anazaliwa Dar, siku ya tatu anarudishwa Kisemvule kwenye khanga. Akija karani, "mtoto kazaliwa mkoa gani?" "Dar." Basi huyo kwenye jedwali ni mhamiaji kutoka Dar kwenda Pwani, mwenye umri wa siku tatu.

#34 BintiVikindu

Wa kwangu wa tatu ni huyohuyo. 2019, Temeke. Mhamiaji wangu anasoma darasa la awali.

#35 Karani_Mstaafu

Na kinyume chake kipo. Dada BintiVikindu, wewe ulizaliwa wapi?

#36 BintiVikindu

Newala.

#37 Karani_Mstaafu

Umeona. Umeishi Tandika miaka mingapi sijui, umehama Temeke kwenda Vikindu, lakini jedwali la mahali pa kuzaliwa litasema umetoka Mtwara kwenda Pwani. Dar yote uliyokaa katikati imemezwa. Jedwali hilo linaona mwanzo wa safari na mwisho wake, vituo halivioni. Mtu aliyekwenda Dar akakaa miaka ishirini akarudi kwao Newala, kwenye jedwali hajawahi kutoka.

Kuna swali jingine la mtu aliishi wapi mwaka mmoja kabla ya sensa. Hilo linakamata mwendo wa karibuni, ila ni wa mwaka mmoja tu, aliyehama 2017 kama wewe halimkamati.

Ningekuwa na macho ya zamani ningefanya hivi: nichukue jedwali la umri la 2012, watoto wa Dar wa miaka 10 hadi 14. Mwaka 2022 ndio wale wa miaka 20 hadi 24. Katika umri huo wanaokufa ni wachache, na uzazi hauingii kabisa maana wote walishazaliwa. Kama kundi limevimba, vijana bado wanaingia Dar. Halafu nichukue wale wa 25 hadi 34 wa 2012 niwatazame wakiwa 35 hadi 44. Kama limesinyaa, na la Pwani la umri huohuo limevimba, basi anayehama ni mtu wa umri wa BintiVikindu mwenye watoto na kiwanja. Na ufanye wanaume mbali na wanawake, labda Chifu atapata watu wake.

Angalizo moja: usitumie umri wa mwaka mmojammoja. Watu wengi husema "thelathini" au "arobaini" kwa makisio, utakuta kilima kwenye kila umri unaoishia na sifuri au tano. Shika makundi ya miaka mitano au kumi.

#38 Mpenda_Ramani

Hii kazi naichukua mimi, nimeshafungua majedwali ya umri. Nipeni wikendi, na safari hii nitaangalia mipaka kwanza.

#39 Kasarani254

Ukimaliza nipe hiyo njia nikajaribu na Kajiado. Nashuku wale wa 20 hadi 24 wanaingia Nairobi kama kawaida, ni wenye watoto ndio wanatorokea Kitengela.

#40 DodomaHoyee

Na Dodoma mfanye. Mkikuta kundi la 35 hadi 44 limevimba mniombe radhi hapahapa.

#41 Mjasiria

Nimepata kiwanja Kisemvule milioni nne, mita ishirini kwa ishirini. Kuna mtu anamjua mjumbe wa huko?

#42 Mwana_Mbagala

Wakuu, nashukuru. Nimewasomea wenzangu wa kijiweni uzi wote huu. Fundi viatu, ambaye ndiye nilikuwa nabishana naye, amesikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza swali moja: "Wewe usiku ule wa sensa ulilala wapi?"

Nimekumbuka. Nilikuwa msibani Kibaha, kwa baba mdogo. Tulihesabiwa pale uani, watu zaidi ya thelathini, karani kakaa kwenye kiti cha plastiki na kishikwambi chake.

#43 Sharubu

Kumbe mafuriko yenyewe ni wewe.

#44 Karani_Mstaafu

Poleni na msiba. Na ndiyo, uko kwenye zile 265,360 za Kibaha Mji.